SOMO: Kuandika tangazo la redio la repetisyo (sekunde 30) kwa wazazi wa sekondari, Lubumbashi

Kila mwezi wa 10, buletini za kipindi cha kwanza zikikaribia kutoka, inboksi yangu hujaa swali moja: "Kaka, nisaidie tangazo la redio, nafungua kituo cha repetisyo." Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Ninaandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo cha ukurasa huu.

Nitatumia kazi moja ya kweli: kituo kidogo cha Katuba, walimu 2, darasa moja lenye ubao. Jina silitaji. Karatasi waliyoniletea ilisomeka hivi:

"Je, unatafuta elimu bora kwa mtoto wako? Kituo chetu kina walimu wenye ujuzi na uzoefu mkubwa katika masomo yote, kuanzia msingi hadi sekondari. Tunahakikisha mafanikio ya asilimia 100 katika mtihani wa serikali. Karibuni nyote!"

Hakuna mzazi aliyewahi kuinuka kwenye kiti kwa maneno haya.

Hatua ya 1. Chagua darasa moja na somo moja. Wale wa Katuba walikuwa na nguvu katika hesabu ya mwaka wa 7 na wa 8, basi tukaandika hesabu ya mwaka wa 7 na wa 8. Mwenye mtoto wa omanite akipiga simu, utamjibu hapo hapo.

Hatua ya 2. Jua nani anasikia na nani analipa. Hapa kwetu mara nyingi ni watu wawili. Baba yuko Kolwezi kwenye migodi, anarudi mwisho wa juma au mwisho wa mwezi. Mama ndiye anayepokea buletini na ndiye redio inamkuta jikoni. Usiku atampigia baba: "Nimesikia kuna repetisyo Katuba." Swali la kwanza la baba unalijua: "Bei gani?" Tangazo lisilo na bei humwacha mama bila jibu, na mazungumzo yanahamia kwenye mambo mengine. Kwa hiyo taja bei, na useme ni ya mwezi, ya juma au ya somo.

Hatua ya 3. Andika kwa Kiswahili kinachosemwa nyumbani. Kifaransa kiachie nambari ya simu, kwa sababu ndivyo watu wetu wanavyozitaja nambari.

Hatua ya 4. Ahadi. Hapa soma polepole, maana hapa ndipo vituo vinapokufa.

"Asilimia 100 watapita" inaonekana kama ahadi kali kuliko zote. Lakini ina kasoro mbili. Kwanza, huwezi kuitimiza. Mtihani wa serikali una insha ya Kifaransa inayofanywa mapema, kisha siku 4 za maswali ya kuchagua jibu, na wewe unafundisha hesabu saa chache kwa juma. Mtoto akianguka, mama hatakumbuka kwamba aliruka vipindi nusu. Atakumbuka redio ilisema 100, na atalisema sokoni.

Pili, na hili wengi hawalioni: mji huu kila mtu amesikia habari za majibu ya mtihani yanayouzwa. Mtu akikuhakikishia mtoto atapita, masikio ya wazazi hayasikii "tunafundisha vizuri". Yanasikia "tuna njia". Mzazi makini anakukwepa. Mzazi anayetafuta njia anakuja, analipa mwezi wa kwanza, kisha anaanza kuuliza lini utampa "vile vitu". Nimeona kituo kikipoteza watu wake wazuri wote kwa namna hiyo ndani ya mwaka mmoja wa masomo, huku mwenyewe akidhani redio haifanyi kazi.

Ahadi inayofaa ni ile ambayo mzazi anaweza kuihakiki yeye mwenyewe bila kujua hesabu. Wale wa Katuba niliwauliza: ni kitu gani mnakifanya kila juma bila kukosa? Wakataja mambo mawili. Hawapokei watoto zaidi ya 6 kwa mwalimu, na kila Ijumaa mtoto anapewa zoezi lililosahihishwa ndani ya daftari. Basi ahadi ikawa hiyo: watoto 6, na daftari la Ijumaa ambalo mzazi anatia sahihi. Mama asiyejua aljebra anaweza kufungua daftari na kuona kama kuna wino mwekundu au hakuna.

Angalizo: usiahidi daftari la Ijumaa kama hulifanyi tayari. Ahadi ya kuhakikiwa inaumiza haraka kuliko ahadi ya hewani, kwa sababu Ijumaa ya kwanza tu mzazi anajua.

Angalizo la pili: kama mwalimu wako anafundisha pia katika shule za karibu, asichukue kwenye repetisyo wanafunzi anaowapa pointi shuleni, wala tangazo lisiringie kwamba "ni walimu wa shule fulani". Wazazi wataona kama wanalazimishwa kununua pointi, na mkuu wa shule ataona vivyo hivyo.

Hatua ya 5. Pima muda. Maneno ya Kiswahili ni marefu. Mtangazaji akisoma kwa utulivu anamaliza kama maneno 2 kwa sekunde. Nambari ya simu inakula karibu sekunde 5, na lazima isemwe mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza mtu anatafuta kalamu. Sekunde 30 ukitoa 10 za nambari, zinabaki 20, yaani maneno 40. Hayo ndiyo mali yako yote.

Tulichopeleka studioni:

MAMA: Hesabu, 7 juu ya 20?
MTOTO: Mama, profe anaendaka mbio.
MTANGAZAJI: Mwaka wa 7 na wa 8: hesabu inarudiwa polepole, kila jioni, Katuba. Watoto 6 kwa mwalimu mmoja. Ijumaa mtoto anarudi na daftari, mzazi anatia sahihi. Dola 15 kwa mwezi. Piga: (nambari). Narudia: (nambari).

Hesabu mwenyewe, ni maneno 40. Tazama jibu la mtoto: hamtukani mwalimu wa shule wala hajiiti mjinga. Mama mwenye mtoto aliyeanguka tayari ana aibu. Ukimwongezea aibu, atabadilisha redio. Na bei ni ya kituo kile, msiinakili.

Hatua ya 6. Lipitishe juma ambalo buletini zinatoka na juma linalofuata. Kabla ya hapo mzazi hana habari kwamba ana tatizo.

---

MASWALI

dogo_Kamalondo: Kaka nitumie moja iliyo tayari ya masomo yote, primere mpaka omanite. Haraka, studio kesho.

*Jibu:* Hatua ya 1.

dogo_Kamalondo: Nimesoma, ila mimi nafundisha yote kweli.

*Jibu:* Sijasema usifundishe yote. Nimesema usitangaze yote. Maneno 40, gawa kwa masomo 10, uone kila somo linapata nini.

Mwalimu wa Likasi: Asante kwa somo. Redio ya kwetu inauza sekunde 15 kwa bei nafuu zaidi. Je, mazungumzo ya mama na mtoto yanaweza kubaki? Nimejaribu kuyabana, yanakuwa kama watu wanagombana.

*Jibu:* Swali zuri, na sikio lako liko sawa. Katika sekunde 15 mazungumzo hayaingii. Nambari utaisema mara moja tu, sekunde 5, unabaki na 10, yaani kama maneno 20. Anza na swali: "Mtoto wa mwaka wa 7 na wa 8 anashindwa hesabu? Likasi, kila jioni, watoto 6 kwa mwalimu. Dola kadhaa kwa mwezi." Daftari limeondoka, linaniuma, lakini utalieleza mtu akipiga. Badala ya "Likasi" weka mtaa wenyewe, maana mzazi anapima kama mtoto atarudi kabla ya giza. Na kwa kuwa nambari inasikika mara moja, nunua vipindi viwili vya karibu jioni ile ile, kimoja kabla ya habari na kingine baada yake. Aliyekosa tarakimu za mwisho azipate kwenye cha pili.

Papa Kenya: Mimi tangu zamani nasema asilimia 100 na watu wanakuja. Wewe unatishia watu bure.

*Jibu:* Sikukataa kwamba wanakuja. Nimeeleza ni nani wanakuja na wanauliza nini mwezi wa pili. Kama wako wanabaki mwaka mzima na wanaleta wadogo zao, endelea. Niambie tu ni wangapi waliobaki, si wangapi waliopiga simu.

Papa Kenya: Nitarudi na hesabu.

mama_wa_Ruashi: Mimi si mwalimu, ni mzazi, naomba kuuliza. Katika lile tangazo la maneno 40 sikuona jina la kituo. Mimi ningeogopa kupigia mtu asiye na jina.

*Jibu:* Mama, umeona vizuri, na wazazi wengine wanafikiri kama wewe. Tuliliacha kwa makusudi. Kituo kilikuwa kipya, na jina jipya halimwambii msikilizaji kitu, ila "Katuba" inamwambia atatembea kiasi gani. Jina lilikuwa kwenye kibao mlangoni na kwenye picha ya WhatsApp ya nambari ile ile, kwa hiyo mtu akihifadhi nambari analiona kabla hajapiga. Kituo kinachojulikana mtaani kifanye kinyume: kiondoe "kila jioni", kiweke jina. Naomba nami nikuulize: kati ya bei na daftari, kipi kingekufanya upige?

mama_wa_Ruashi: Daftari. Bei ningeulizia. Lakini baba yao angeuliza bei kwanza, hapo umesema kweli.

Chance_Bel-Air: Bei ya tangazo umeisahau kabisa!!! Tutaje au tusitaje?

*Jibu:* Hatua ya 2, sentensi ya mwisho.

fundi_sauti: Niongeze la studioni. Msimpe mtangazaji karatasi yenye nambari imeandikwa mfululizo. Iandikeni kwa vipande, tarakimu 3 za mwanzo, kisha 3, kisha 2 na 2, na mumwambie asome vipande hivyo hivyo mara zote mbili. Akisoma kwa vipande tofauti mara ya pili, msikilizaji anadhani ni nambari nyingine.

*Jibu:* Hili nilipaswa kuliweka kwenye hatua ya 5. Wote msome.

Mwalimu wa Likasi: Fundi, na kama narekodi nyumbani kwa simu? Umeme ukikatika jirani anawasha jenereta, inaingia yote.

fundi_sauti: Ingia ndani ya gari, funga vioo, simu iwe kama shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Huna gari, fungua kabati la nguo na uongee ukiwa umeelekea ndani, nguo zinameza mwangwi. Jenereta lenyewe hutaliondoa hata kwa programu bila kuharibu sauti. Subiri lizimwe, au rekodi asubuhi sana. Na sauti ya mtoto irekodi kwanza, kabla hajachoka.

dogo_Kamalondo: Basi nimechagua kemia, omanite mwaka wa 4. Nimeandika maneno 52.

*Jibu:* Sasa tunaongea. Weka hapa, tuondoe 12.