Bajeti ya kufungua tawi: kodi ya pili ndiyo inayoua

Tuchukue duka la vipodozi la Kariakoo linalotaka kufungua tawi Kimara. Bei zilizo hapa ni za mfano, kwa hiyo weka zako, ila usibadili mpangilio wa hesabu.

Hatua ya 1: Hela inayotoka kabla ya kufungua mlango

Mwenye fremu anataka 540,000 kwa mwezi, miezi 6 kwa mkupuo. Mpangaji wa biashara anatakiwa kukata kodi ya zuio ya 10% kwenye kodi ya pango na kulipeleka TRA. Wenye nyumba wengi watakwambia wanataka hela yao kamili mkononi, na hapo zuio linakuangukia wewe. Usichukue 540,000 ukaongeza 10%. Gawa kwa 0.9 upate 600,000 kwa mwezi. Miezi 6 ni 3,600,000: mwenye nyumba 3,240,000, TRA 360,000.

Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 540,000. Shelfu, kaunta ya kioo, taa, rangi na bango ni 4,200,000. Leseni na mashine ya EFD tenga 1,000,000. Leseni ya duka la Kariakoo haifuniki tawi. Wauzaji wawili waingie nusu mwezi kabla ya kufungua, 275,000 pamoja na NSSF. Mzigo wa kwanza ni 9,000,000. Jumla 18,615,000.

Hatua ya 2: Miezi isiyo na mauzo

Kodi inaanza kuhesabiwa siku unaposaini, siyo siku unapofungua. Fundi wa alumini, umeme wa LUKU na leseni vinaweza kula miezi miwili kirahisi. Maana yake kati ya miezi 6 uliyolipia, utauza miezi 4 tu. Iandike tarehe ya kodi ya pili sasa hivi, tutairudia.

Hatua ya 3: Gharama za kila mwezi

Kodi 600,000, mishahara miwili 500,000, mchango wa mwajiri NSSF 50,000, umeme, ulinzi na taka 150,000, usafiri wa mzigo 100,000. Jumla 1,400,000.

Hesabu pia vichwa. Ukiwa na waajiriwa 8 Kariakoo, hawa wawili wanakufikisha 10, na mwajiri wa watu 10 au zaidi analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ya 3.5% kwenye mishahara yote, hadi ya duka la zamani. Kama inakuhusu, iongeze humo.

Hatua ya 4: Mauzo ya kutopata hasara wala faida

Losheni umenunua 8,000, unauza 10,000. Wengi husema faida ni 25%, kwa sababu wanapima 2,000 kwa bei ya kununulia. Hapa tunapima kwa bei ya kuuzia, nayo ni 20%.

```
1,400,000 / 0.20 = 7,000,000 kwa mwezi
```

Kwa siku 26 za kazi ni kama 270,000 kwa siku. Ukitumia 25% utapata 5,600,000, halafu utashangaa lengo limefikiwa na hela haipo.

Hatua ya 5: Mwezi kwa mwezi

Tuseme mauzo yanapanda hivi: 2,500,000, kisha 4,000,000, 5,000,000, 6,000,000, na mwezi wa tano 7,000,000. Asilimia 80 ya mauzo inarudi kununua mzigo. Inayobaki ni 500,000, 800,000, 1,000,000 na 1,200,000 kwa miezi minne ya kwanza.

Kwa kuwa kodi ilishalipwa, matumizi ya mkononi ni 800,000 tu kwa mwezi. Droo inapungukiwa 300,000 mwezi wa kwanza, inakuwa sare wa pili, inabakiza 200,000 wa tatu na 400,000 wa nne. Duka linaonekana limeshasimama, wakati kwa hesabu kamili yenye kodi miezi hiyo minne imepoteza 2,100,000.

Mwanzoni mwa mwezi wa tano wa mauzo inadaiwa kodi ya pili, 3,600,000, na droo ina 300,000. Pengo ni 3,300,000. Asiyelitenga hulipa kwa hela ya mzigo: shelfu zinabaki na mapengo, mteja anakosa rangi anayoitaka, anahamia duka la jirani, na mauzo yanashuka chini ya 7,000,000. Dalili yake ni kuagiza mzigo mdogo kuliko ulichouza wiki iliyopita.

Kwa hiyo mtaji ni 18,615,000 na 3,300,000, yaani 21,915,000. Ongeza milioni moja hivi ya dharura, kwa kuwa fundi na leseni hupitiliza. Kama hela hiyo haipo, jadiliana na mwenye nyumba akupe hata mwezi mmoja wa matengenezo bila kodi kabla hujasaini.

Hatua ya 6: Mtaji unarudi lini

Kufika 7,000,000 ni kuacha kupoteza tu. Hela iliyokwenda moja kwa moja ni dalali, matengenezo, leseni na EFD, mishahara ya maandalizi, kodi ya miezi miwili ya kufungwa (1,200,000) na hasara ya 2,100,000: jumla 9,315,000. Mzigo hauhesabiwi, kwani bado unauzika. Tawi likifika mauzo ya 9,000,000, linabakiza 400,000 kwa mwezi, hivyo kurudisha hizo kunachukua karibu miezi 24 kuanzia hapo. Mkataba wa fremu ukiwa wa mwaka mmoja, omba miwili au mitatu yenye kodi isiyopanda, la sivyo chagua shelfu zinazofunguka na kuhamishika.