Kabla ya kupanga bidhaa za duka katika madaraja A, B na C

Hesabu ya kupanga bidhaa za duka katika madaraja A, B na C, ili ujue ipi iangaliwe zaidi unapoagiza, ni nyepesi. Unapanga bidhaa kuanzia iliyoleta fedha nyingi, unajumlisha mauzo kushuka chini, na zile zinazobeba asilimia 80 ya kwanza zinakuwa A, hadi 95 ni B, zinazobaki ni C. Kazi iko kabla ya hapo, kwenye daftari la mauzo.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi lenye bidhaa kumi na mauzo ya shilingi milioni 60 kwa mwaka. Saruji imeleta milioni 27, mabati 12, rangi 9, nondo 6. Bidhaa sita zilizobaki, kuanzia misumari (2.4) na mabomba (1.6) hadi brashi, zimegawana milioni 6. Ukizipanga hivyo hivyo, rangi inaingia A na nondo inaangukia B. Mwenye duka anayelijua duka lake atashtuka, na ana haki.

Anza na majina. Ikiwa muuzaji wa asubuhi anaandika "misumari inchi 3" na wa jioni anaandika "msumari 3", bidhaa moja imekuwa mbili, na kila nusu itashuka daraja lisilo lake. Halafu hakikisha unajumlisha fedha na siyo idadi, kwa sababu kilo ya misumari na mfuko wa saruji havijumlishiki. Ondoa bidhaa zilizorudishwa, na kama duka linatoza kodi ya ongezeko la thamani, iondoe kwenye mauzo ya bidhaa zote.

Muda uwe miezi 12 kamili. Ukichukua mitatu tu, ile watu wanayokimbilia kuezeka kabla ya mvua, mabati yatavimba.

Sasa rudi kwenye rangi. Fungua risiti kubwa kuliko zote za mwaka. Katika milioni 9 za rangi, 5.4 ni za mteja mmoja aliyepaka jengo zima, akaondoka na hana jengo lingine. Mauzo ya namna hiyo yatoe pembeni kabla ya kupanga, rangi ibaki na 3.6. Usiyafute kwenye vitabu, maana fedha iliingia kweli. Yaondoe tu kwenye hesabu hii inayotazama mbele.

Nondo ina kasoro ya upande wa pili. Kadi ya stoo inaonyesha sifuri kwa miezi minne: mzigo ulikwisha na hapakuwa na fedha ya kuagiza. Milioni 6 ni mauzo ya miezi minane, yaani 750,000 kwa mwezi, na kwa mwaka mzima ingekaribia milioni 9. Hili ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu linajizalisha. Bidhaa inakosekana, mauzo yanashuka, inapewa daraja la chini, inaagizwa kidogo zaidi, inakosekana tena. Makadirio hayo nayo yana mpaka: kama miezi hiyo minne ilikuwa ya mvua kubwa na mafundi wamelala, usiijaze kwa wastani wa kiangazi. Bidhaa mpya ya mwezi mmoja au miwili isipimwe kabisa. Iweke kando mpaka ipate historia.

Ukiweka rangi 3.6 na nondo 9, jumla mpya ni milioni 57.6. Saruji na mabati zinafika asilimia 67.7, nondo inafikisha 83.3. Je, nondo imevuka mstari wa 80? Amua kanuni mapema. Mimi huangalia jumla iliyokuwapo kabla ya bidhaa yenyewe: ikiwa bado ni chini ya 80, bidhaa ni A. Ukitumia jumla ya baadaye, duka ambalo saruji peke yake ni asilimia 85 litakosa daraja A. Kwenye jedwali la kompyuta, kichwa cha habari kikiwa B1 na mauzo yakishuka kutoka B2 hadi B11, andika kwenye C2 na D2, kisha uvute chini:

```
=SUM(B$1:B1)/SUM(B$2:B$11)
=IF(C2<0.8,"A",IF(C2<0.95,"B","C"))
```

Nondo inapanda A. Rangi, misumari na mabomba ni B. Waya wa kufungia nondo, vitasa, bawaba na brashi ni C.

Kabla hujakata oda za C, pitia risiti za nondo uone zinaambatana na nini. Waya wa kufungia umeleta laki nane tu kwa mwaka, lakini fundi anayekuja kuchukua nondo anautaka siku hiyo hiyo. Akiukosa, atakwenda duka la jirani, na nondo atazinunulia huko huko. Uache kwenye C kwa hesabu, ila uandikie kiwango cha chini cha akiba kisichovukwa, kama utakavyoiandikia nondo.