Somo: Kupanga sivii isomeke kwa sekunde chache

Juzi nililetewa sivii ya mtunza stoo niikague. Ukurasa mmoja, kila kitu kimo, lakini nilipoiweka chini sikukumbuka hata cheo chake cha mwisho. Pambizo zilikuwa sm 1, herufi Times New Roman pointi 9.5, na kazi yake ya sasa imeelezwa kwa kitone kimoja kirefu. Tuitengeneze hiyo hiyo.

1. Pambizo. Weka sm 2 pande zote nne. Karatasi ya A4 ina upana wa sm 21, kwa hiyo mstari unabaki sm 17. Ukiacha 2.54 inayokuja na Word si kosa. Ukishuka chini ya 1.5 mstari unarefuka, na jicho likirudi kushoto linashindwa kujua lishike mstari upi. Ukikosa nafasi, kata maneno, usikate pambizo.

2. Fonti. Moja inatosha: Calibri 11 au Arial 10.5. Namba isikudanganye, maana Garamond 11 huonekana ndogo kuliko Verdana 11. Herufi zake kama a na e ni fupi. Vichwa vya sehemu weka 13, jina lako 18. Herufi nzito ziwe za vichwa na vyeo tu. Mtunza stoo wetu alikoleza cheo, mwajiri, tarehe na mji, ikawa hakuna kilichojitokeza.

3. Nafasi tupu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanaacha nafasi sawa juu na chini ya kichwa, basi kichwa kinaelea katikati, hujui ni cha sehemu ipi. Nafasi ya juu iwe kubwa kuliko ya chini. Kwenye Word nenda `Layout`, sehemu ya `Spacing`: kichwa kipe `Before` 12 pt na `After` 4 pt, kila kitone `After` 3 pt. Usitafute nafasi kwa kubonyeza `Enter` mara mbili. Siku ukiongeza mstari mmoja, ukurasa wote unavurugika.

Tarehe zisukume kulia kwa tabo ya kulia iliyowekwa kwenye sm 17, wala si kwa kugonga spesi. Maandishi yapangwe kushoto. `Justify` inanyoosha ukingo wa kulia, lakini inafungua mianya kati ya maneno, hasa kwa Kiswahili chenye maneno marefu.

4. Vitone. Kimoja kiwe mstari mmoja, kikizidi sana miwili. Alichoandika yeye:

> Nilikuwa nahusika na kusimamia shughuli zote za stoo ikiwa ni pamoja na kupokea, kupanga na kutoa bidhaa kwa idara tano, kuandaa ripoti ya kila mwezi kwa meneja pamoja na kuhesabu bidhaa kila wiki ambapo nilifanikiwa kupunguza upotevu kutoka asilimia 6 hadi 2.

Habari nzuri kuliko zote imefichwa mkiani. Tukaipandisha juu:

> • Nilipunguza upotevu wa bidhaa kutoka asilimia 6 hadi 2 kwa kuhesabu stoo kila wiki.
> • Nilipokea, kupanga na kutoa bidhaa kwa idara 5.
> • Niliandaa ripoti ya stoo ya kila mwezi kwa meneja.

Hakuna jambo lililoongezwa. "Nilikuwa nahusika na" na "ikiwa ni pamoja na" ndiyo yaliyokuwa yanakula nafasi. Namba ziandike kwa tarakimu: 5 huonekana haraka kuliko "tano".

5. Pima. Punguza `Zoom` hadi asilimia 50. Maneno yatasomeka kwa shida, lakini uweze kuhesabu sehemu na kuonyesha kwa kidole kila cheo kilipo. Ukiona bonge jeusi mahali, rudi hapo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nimefuata hatua zote, sasa sivii imemwagikia ukurasa wa pili kwa mistari minne. Nirudishe pambizo?

Jibu: Hapana. Tafuta vitone vinavyoacha neno moja au mawili peke yake kwenye mstari wa pili. Kila ukikata neno hapo unaokoa mstari mzima. Kazi za zamani nazo zibaki na kitone kimoja kimoja. Ikiwa uzoefu wako kweli unajaza kurasa mbili, ziache mbili.

Swali: Kwangu iko vizuri, nikiifungua kwenye kompyuta nyingine inavurugika.

Jibu: Kompyuta ile haina fonti yako, imeweka nyingine yenye upana tofauti. Tuma PDF, isipokuwa tangazo limetaka faili la Word.

Swali: Safu mbili je? Naona zinaokoa nafasi.

Jibu: Zinaokoa, ila safu ikiwa na sm 5 kitone cha mstari mmoja kinageuka mistari minne. Isitoshe, baadhi ya mifumo ya kupokea maombi husoma moja kwa moja kutoka kushoto hadi kulia na kuchanganya safu. Nakili maandishi ya PDF uyabandike kwenye Notepad, utaona yanatoka kwa mpangilio gani.