Maji kwanza, maneno baadaye: stadi mbili kwa kijana aliyezidiwa na hisia

Stadi hizi zinatoka katika tiba ya kidialektiki ya tabia, yaani tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kumudu hisia kali, ambayo mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, aliiandikia mwongozo mwaka 1993, na ambayo wanasaikolojia Alec Miller na Jill Rathus baadaye waliirekebisha ili iwafae vijana pamoja na wazazi wao. Nitaeleza mbili tu, kustahimili dhiki na kutenda kinyume, na katikati yake hatua ya kupima ukweli inayoziunganisha, kwa mpangilio ambao wazazi wengi tunaukosea, kwa kuwa tunamsemesha kijana wakati mwili wake bado unachemka.

Chukua binti wa miaka 15 ambaye Jumamosi jioni anaona kwenye simu picha za rafiki zake watatu wakiwa ufukweni bila yeye. Mikono inamtetemeka, na anataka kuwaandikia matusi. Ukimwuliza ukali wa hisia zake ni ngapi kati ya 100, atakwambia 90.

Hatua ya kwanza ni kustahimili dhiki. Aiweke simu chumba kingine, kisha ajaze beseni maji ya baridi, yasiyopungua nyuzi 10 za joto. Ainame, avute pumzi na kuizuia, kisha azamishe uso, hasa sehemu ya chini ya macho na mashavuni, kwa sekunde 15 hadi 30. Mwili huitikia kama wa mtu aliyepiga mbizi, na mapigo ya moyo hupungua. Arudie mara mbili au tatu. Akishajifuta, akae apumue taratibu, akihesabu nne anapovuta pumzi na sita anapoitoa, kwa dakika tano hivi. Binti wetu sasa anasema 50. Bado ana uchungu, lakini anaweza kufikiri.

Kijana mwenye ugonjwa wa moyo, anayetumia dawa zinazopunguza mapigo, au anayejinyima chakula hadi kukonda, asitumie maji haya bila ruhusa ya daktari. Kupumua taratibu kutamfaa.

Hatua ya pili ni kupima ukweli, na hapa karatasi husaidia kuliko maongezi. Upande mmoja aandike alichokiona kwa macho, yaani picha tatu na watu watatu. Upande wa pili aandike alichojiongezea, yaani kwamba wananichukia na kwamba wamekuwa wakinisengenya. Kuumia kwake kuna sababu, maana kweli hakualikwa, na mzazi amwambie hivyo waziwazi. Chuki, hata hivyo, haijathibitika.

Hatua ya tatu ni kutenda kinyume. Hisia ile inamsukuma atukane au ajifiche. Kwa kuwa ukweli hauungi mkono chuki, Jumatatu akae mahali pake pa kawaida, awasalimie kwa sauti yake ya kawaida, na kichwa asikiinamishe. Akisalimia huku amenuna, hisia haitabadilika, kwa sababu uso na mkao navyo vinapaswa kutenda kinyume. Baadaye, akiwa ametulia, anaweza kumwambia mmojawapo: “Niliumia nilipoona mmekwenda bila mimi.”

Kuna mpaka ambao naomba usivukwe. Kama kijana anamwogopa mtu anayempiga au kumshikashika, hofu hiyo ni ya kweli na inamlinda. Usimfundishe kuizoea, mtoe kwanza kwenye hatari.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Morogoro: Dada, nilimpelekea mwanangu beseni akalimwaga. Nifanyeje?

Jibu: Pole, mama. Stadi mpya haifundishwi katikati ya dhoruba. Chagueni siku ya utulivu, uanze wewe kuzamisha uso naye akutazame, kisha afuate yeye. Kubalianeni pia neno moja la kukumbushana, ili siku ya hasira usihitaji kumhutubia.

Mwalimu wa bweni: Mwanafunzi wangu hutulia, lakini baada ya robo saa hasira humrudia. Je, stadi imeshindwa?

Jibu: Hapana, mwalimu. Maji hukupa dakika chache tu, na ndiyo maana karatasi inapaswa kuwa tayari mezani. Hasira ikirudi kila mara, chunguza siku ilivyoanza: amelala saa ngapi, na je, alikula? Usingizi mchache na njaa humfanya kijana awake kwa jambo dogo.

Baba wa Nakuru: Binti yangu hujikata mikono. Haya yanatosha?

Jibu: Hayatoshi, kaka. Maji yanaweza kumvusha dakika ile ngumu, lakini anahitaji mtaalamu wa afya ya akili, na tiba kamili huwa na kikao chake binafsi pamoja na mafunzo ya stadi ambayo ninyi wazazi nanyi huhudhuria. Leo hii ondoeni nyembe, dawa na sumu za shambani mahali anapoweza kuzifikia. Mwulize moja kwa moja kama anafikiria kufa. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake, na mpelekeni hospitali usiku huohuo.