Rosta ya mapokezi siku 14 mbele, na namna ya kuziba pengo la ghafla bila kumwonea mtu

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa gesti au hoteli ndogo yenye mapokezi ya saa 24. Tuchukue mfano wa gesti ya Shangani, Mtwara, yenye wahudumu watano wa mapokezi. Tutawaita kwa maeneo wanayokaa: wa Shangani, wa Chikongola, wa Magomeni, wa Naliendele na wa Msangamkuu. Maeneo hayo yana maana yake kwenye rosta, kama utakavyoona.

1. Hesabu zamu kabla ya kuandika jina lolote

Zamu ni tatu: asubuhi (saa 1 hadi saa 9 alasiri), jioni (saa 9 hadi saa 5 usiku) na usiku (saa 5 hadi saa 1 asubuhi). Kwa wiki hizo ni zamu 21. Watu watano wakifanya zamu tano kila mmoja unapata 25, na kila mtu anabaki na saa 40, chini ya kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki.

Zamu nne zilizozidi ndizo akiba. Usizitawanye ovyo. Ziweke siku ambazo pengo huumiza: siku za sikukuu na siku za wageni wengi. Kwa Mtwara, kuanzia Oktoba minada ya korosho ikipamba moto, vyumba hujaa. Mwenye zamu ya akiba anaingia kazini kama kawaida, anashughulikia nafasi zilizowekwa na hesabu za risiti. Mwenzake asipofika, anahamia kaunta peke yake.

Ukiwa na watu wanne tu, zamu 21 hazigawanyiki: kila wiki mmoja atafanya sita, yaani saa 48, na saa tatu kati ya hizo ni za ziada. Saa za ziada zinahitaji makubaliano na hulipwa mara moja na nusu. Hapo huna akiba hata chembe, na kila homa ya mtu mmoja itakuwa dharura.

2. Weka tarehe ya kufunga maombi na tarehe ya kubandika

Tuseme unapanga wiki mbili zinazoanza Jumatatu, 12 Oktoba 2026. Maombi ya ofu yafungwe Alhamisi, 24 Septemba. Rasimu iandikwe Ijumaa, ikaguliwe Jumamosi, na rosta ibandikwe ukutani Jumatatu, 28 Septemba. Hizo ni siku 14 kamili.

Waulize watu mapema mambo yanayojulikana: nani ana korosho za kuokota shambani, nani ana mtoto anayetoka jandoni, nani anasafiri na basi la alfajiri kwenda Dar. Mambo hayo hayazuki ghafla. Yanageuka ya ghafla pale ambapo hakuna aliyeulizwa.

3. Kagua mapumziko, siyo idadi ya zamu tu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya kutoka kazini na kurudi, pamoja na saa 24 mfululizo kila wiki. Kosa linalojirudia ni kumpangia mtu jioni kisha asubuhi yake. Anatoka saa 5 usiku na kurudi saa 1 asubuhi: saa nane tu. Zungusha kuelekea mbele, asubuhi, jioni, usiku, halafu ofu, na kosa hilo litapotea lenyewe.

Kumbuka pia kwamba saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi zina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Zamu ya jioni ina saa tatu za namna hiyo, na wengi huzisahau. Na usimpangie wa Msangamkuu, anayekuja kwa kivuko, zamu ya jioni kabla hujakubaliana naye atavukaje usiku ule, au atalala wapi.

4. Rosta moja tu ndiyo halali

Andika juu yake: toleo la 1, na tarehe. Mabadiliko yakitokea, rekebisha karatasi ya ukutani kwa kalamu nyekundu, ipige picha, itume kwenye kundi la wasapu kama toleo la 2, kisha ifute picha ya zamani. Watu wawili wakifika zamu moja huku nyingine haina mtu, mara nyingi mmoja wao alikuwa anasoma picha ya juzi.

5. Tenganisha aina tatu za mabadiliko

Wahudumu kubadilishana wenyewe: ruhusu, mradi wote wawili wasaini, saa 12 za mapumziko zibaki, na wewe ujibu siku hiyohiyo. Kabla hujakubali, zamu bado ni ya mwenyewe.

Mabadiliko yanayotoka kwako: zikibaki zaidi ya siku saba, zungumza na mhusika na umweleze sababu. Zikibaki saba au pungufu, usibadilishe bila ridhaa yake. Chini ya saa 24, ongeza nauli na posho ya kiasi kilichokubaliwa tangu mwanzo wa ajira, siyo kinachopangwa kwa huruma ya siku hiyo. Ukifuta zamu siku hiyohiyo kwa kuwa wageni hawakuja, ilipe.

Ugonjwa: mgonjwa apige simu mapema awezavyo, asiishie kutuma ujumbe. Kazi yake inaishia hapo. Ukimlazimisha atafute mbadala, safari nyingine atakuja na homa yake au atazima simu.

6. Pengo lenyewe

Jumatano, 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, rosta iko hivi: asubuhi wa Chikongola, jioni wa Magomeni na akiba wa Naliendele, usiku wa Shangani, ofu wa Msangamkuu. Saa 10 jioni wa Shangani anapiga simu: homa kali.

Wa Chikongola alitoka saa 9. Hadi saa 5 usiku ni saa nane, hafai. Wa Magomeni na wa Naliendele wako kazini. Wakiunganisha usiku watafikisha saa 16, na kikomo cha siku, pamoja na saa za ziada, ni 12. Anabaki wa Msangamkuu. Mpigie sasa hivi, kivuko kingali kikifanya kazi. Ukisubiri hadi saa 2 usiku, hata ridhaa yake haitakusaidia.

Akikubali, usiishie hapo. Kesho yake, Alhamisi, alipangwa jioni, lakini atatoka zamu ya usiku saa 1 asubuhi, hivyo hawezi kurudi saa 9. Bahati nzuri wa Naliendele ana akiba Alhamisi jioni. Anashika kaunta, na wa Msangamkuu anapewa Alhamisi kuwa ofu badala ya Jumatano. Zamu zake zinabaki tano. Anadai nauli, posho ya mwito wa ghafla, nyongeza ya usiku, na malipo mara mbili kwa saa iliyoangukia sikukuu.

Akikataa, usimwekee kinyongo. Kaa kaunta wewe.

7. Daftari la miito

Andika kila mwito: tarehe, zamu, aliyepigiwa, alichojibu. Mwito unaofuata uanze na mwenye miito michache zaidi kati ya wanaofaa. Usitupe swali kwenye kundi, "nani anaweza kuja?", kwa sababu atajibu yuleyule mwenye simu mkononi, na posho zote zitakwenda kwake. Ukimfuata kila mara anayekaa jirani, wa Shangani ataitwa mpaka achoke huku wa Naliendele hajaguswa. Mwisho wa mwezi ubandike daftari kando ya rosta, kila mtu ajihesabie mwenyewe.