Kabla ya Kukamua Kipele cha Ndevu: Mambo ya Kuzingatia Usaha Unapoonekana

Mwenye ndevu za kipilipili aliyenyolewa hadi ngozi ikabaki laini huenda akaona vipele chini ya taya na shingoni baada ya siku mbili au tatu, na baadhi yake vikawa na ncha ya usaha. Kabla ya kuvikamua au kununua dawa, ni vyema avikague kwa kioo penye mwanga wa kutosha, kwa kuwa usaha peke yake hauthibitishi kwamba bakteria wameingia.

Unywele uliojipinda ukikatwa karibu mno na ngozi huachwa na ncha kali, na unapokua hujikunja na kuichoma ngozi iliyo kando yake. Ngozi ikivutwa wakati wa kunyoa, unywele uliokatwa huzama ndani na unaweza kutoboa ukuta wa kinyweleo kabla haujatokeza nje. Mwili huupokea unywele huo kama mwiba: sehemu hiyo huvimba, huwasha, na mara nyingine hutunga usaha kidogo usio na bakteria wowote. Dalili yake kubwa ni kitanzi cha unywele kinachoonekana ncha zote mbili zikiwa ndani ya ngozi, na vipele hubaki pale tu wembe ulipopita. Kwa hali hiyo vidonge vya antibiotiki havina kazi. Linalosaidia ni kuacha kunyoa kwa muda wa mwezi mmoja hivi, ili nywele zirefuke na kujichomoa zenyewe. Kitanzi kinachoonekana kinaweza kuinuliwa taratibu kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, lakini unywele using'olewe, kwani utakaoota mahali pake utapita njia ile ile.

Bakteria wanapoingia kwenye kinyweleo, na mara nyingi huwa ni stafilokokasi, picha hubadilika. Usaha huuzunguka unywele, unywele wenyewe ukiwa katikati kabisa ya kipele na umesimama wima. Vipele huuma zaidi ya kuwasha, na vinaweza kutokea hata pasiponyolewa, kama vile mapajani au makalioni. Maambukizi yakishuka chini zaidi huwa jipu, ambalo huanza kama uvimbe mgumu wenye joto, kisha hulainika katikati siku zinavyopita.

Tuchukue mfano wa kijana wa Kondele, Kisumu, aliyenyolewa kwa mashine bila kibati Jumamosi jioni. Jumatatu ana vipele kadhaa shingoni vinavyowasha, na vitatu vina vitanzi vya nywele. Hivyo anaweza kuvisubiri nyumbani. Jumatano, hata hivyo, kimoja kilicho juu ya mdomo kimekuwa kikubwa kama punje ya karanga, kina joto, na kinauma hata anapotabasamu. Hicho hakifanani tena na vingine, na kosa la kwanza ambalo rafiki zake watamshauri alifanye ni kukitumbua. Mishipa ya damu ya pua na mdomo wa juu imeungana na ile iliyo nyuma ya macho, na ijapokuwa ni nadra, maambukizi ya hapo yanaweza kusafiri hadi ndani ya fuvu. Jipu la eneo hilo lionwe na daktari mapema, na asikae akingoja liive.

Kwa jipu dogo la sehemu nyingine, kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya vuguvugu na kuwekwa juu yake kwa dakika kumi hadi kumi na tano, mara tatu au nne kwa siku, hulisaidia kujifungua lenyewe. Jipu kubwa lililojaa huhitaji kupasuliwa na mtaalamu, kwa maana antibiotiki peke yake haifiki vizuri ndani ya mfuko wa usaha.

Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu waziwazi, na hili huwapotosha wengi. Badala ya kutafuta wekundu, mtu aguse kwa mgongo wa mkono: je, joto na ugumu vinatambaa kupita mpaka wa jana, na je, ngozi imekuwa nyeusi zaidi, inang'aa na kukaza? Hilo likitokea, au ikiwa kuna homa, kutetemeka, jicho kuvimba, au majipu kadhaa yaliyoungana yenye matundu mengi, aende hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari au kinga iliyopungua asisubiri dalili hizo. Majipu yanayorudi mara kwa mara ni sababu ya kupima sukari na virusi vya Ukimwi, jambo ambalo kituo cha afya cha kawaida kinaliweza.

Kabla ya kwenda, asipake zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi zinazouzwa madukani, kwani hupunguza uvimbe kwa siku chache huku maambukizi yakiendelea chini. Amweleze daktari siku aliyonyolewa, siku uvimbe ulipoanza na dawa zote alizokwisha kutumia, na akiulizwa kuhusu usaha uliotoka, aseme kama ulijitoa wenyewe au ulikamuliwa.