Jaribio la baki: je, mgawanyo wako wa polinomia uko sawa?

Kugawanya polinomia kwa njia ndefu ni kazi ya mistari mingi, na alama moja ikigeuka katikati, kila kinachofuata kinaharibika kimyakimya. Kanuni ya baki inakupa jaribio la nusu dakika. Leo nataka tulifanye hatua kwa hatua, kisha nioneshe kosa ambalo jaribio hili haliwezi kuliona hata kidogo, kwa sababu wengi wanalitumia kana kwamba linathibitisha kazi nzima.

Tuchukue mfano huu:

```
P(x) = 2x^4 - 5x^3 + 7x - 4,   gawanya kwa x - 3
```

Hatua ya 1. Jaza nafasi iliyo wazi. Hakuna x² hapa. Andika `2x^4 - 5x^3 + 0x^2 + 7x - 4`. Ukiruka hiyo sifuri, 7x itashuka mahali pa x² na utakuwa unagawanya polinomia nyingine kabisa. (Nimejaribu kuiruka makusudi: baki inatoka 26.)

Hatua ya 2. Gawanya kama kawaida. Juu ya mstari unapata `2x^3 + x^2 + 3x + 16`, na chini kabisa inabaki 44.

Hatua ya 3. Tafuta x inayofanya kigawanyi kiwe sifuri. Kwa x − 3, ni 3. Iweke kwenye polinomia ya mwanzo, ile ya kwenye swali, si ile uliyonakili:

```
P(3) = 162 - 135 + 21 - 4 = 44
```

Baki ya chini ni 44 na P(3) ni 44. Zimelingana.

Kwa nini inafanya kazi? Kila mgawanyo sahihi unaweza kuandikwa hivi:

```
P(x) = (x - 3) * Q(x) + R
```

Q ni jibu la juu ya mstari, R ni baki. Ukiweka x = 3, mabano yanakuwa sifuri, Q yote inazidishwa kwa sifuri na kutoweka, anabaki R peke yake. Shika hilo la Q kutoweka, tutalirudia.

Hatua ya 4. Zisipolingana, angalia tofauti yake. Hatua hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Tuseme mwanafunzi amefika kwenye utoaji wa kwanza, −5x³ toa −6x³. Jibu ni x³, lakini yeye amesahau kugeuza alama, akaandika −11x³. Akiendelea bila kukosea tena, baki yake itakuwa −280.

```
-280 - 44 = -324 = -12 * 27
```

27 ni 3³, kwa hiyo nashuku mstari wa x³ kwanza. Na −12 ndiyo hasa tofauti kati ya −11 na 1. Kosa moja la kutoa kwenye mstari wa x³ linafika kwenye baki likiwa limezidishwa kwa 3³; la x² lingezidishwa kwa 3², la x kwa 3. Haikupi uhakika, maana −324 inagawanyika kwa 9 na kwa 3 pia, lakini inakuonesha pa kuanzia kabla ya kufuta ukurasa mzima. Hapo pia unaona kwamba kosa moja la kutoa haliwezi kujificha, maadamu namba unayoweka si sifuri. Makosa mawili yanaweza kufutana, ila hutokea mara chache.

Hatua ya 5. Jaribu jibu la juu kwa namba nyingine. Sasa turudi kwa Q iliyotoweka. Tuseme umegawanya vizuri kabisa, lakini wakati wa kuhamisha jibu umeandika `2x^3 - x^2 + 3x + 16`, baki 44. P(3) bado ni 44. Jaribio limepita na jibu si sahihi, kwa sababu kwenye x = 3 ungeweza kuandika Q yoyote ile na isingeleta tofauti.

Dawa yake ni kuweka x = 1 kwenye pande zote mbili. Upande wa P unajumlisha tu namba za mbele: 2 − 5 + 7 − 4 = 0. Kwa jibu lililokosewa, Q(1) = 20, na (1 − 3) × 20 + 44 = 4. Sifuri na 4 hazilingani, kosa limeonekana. Kwa jibu sahihi Q(1) = 22, na −44 + 44 = 0.

Usitumie x = 0 kwa kazi hii. Inapima namba ya mwisho ya Q pekee, nayo hapa ni 16 kwa vyote viwili.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nimegawanya x³ − 6x + 9 kwa x + 3 nikapata x² − 3x + 3, baki 0. Lakini P(3) inanipa 18. Nimekosea wapi?

Jibu: Mgawanyo wako uko sawa, jaribio ndilo lililokosewa. x + 3 inakuwa sifuri kwenye −3, si 3. P(−3) = −27 + 18 + 9 = 0. Ukitumia kikokotoo, funga −3 kwenye mabano kabla ya kuweka kipeo. `-3^2` vikokotoo vingi vinasoma −9, na `(-3)^2` ni 9.

Swali: Kigawanyi kikiwa 2x − 1 je?

Jibu: Weka x = 1/2. Mfano, 4x³ − 2x² + 6x + 1 kwa 2x − 1: jibu ni 2x² + 3, baki 4, na P(1/2) = 0.5 − 0.5 + 3 + 1 = 4. Lakini angalia hapa. Aliyegawanya kwa x − 1/2 anapata 4x² + 6, baki ileile 4. Akisahau kugawanya jibu lake kwa 2, jaribio la baki halitamwambia. x = 1 itamwambia: P(1) = 9, jibu sahihi linatoa 1 × 5 + 4 = 9, lake linatoa 1 × 10 + 4 = 14.

Swali: Na nikigawanya kwa kitu chenye x²? Kanuni bado inatumika?

Jibu: Inatumika, ila baki sasa inaweza kuwa na x ndani yake, hivyo namba moja haitoshi. Chukua x³ + 4x² − 3x + 5 kwa x² − x − 2. Jibu ni x + 5, baki 4x + 15. Kigawanyi ni (x − 2)(x + 1), basi pima kwenye 2 na −1. P(2) = 23, na 4 × 2 + 15 = 23. P(−1) = 11, na −4 + 15 = 11. Zote mbili zimekubali, kwa hiyo baki ni sahihi.

Kigawanyi kisipovunjika, kama x² + 1, badilisha kila x² kwa −1. Polinomia hiyohiyo inakuwa −x − 4 − 3x + 5, yaani −4x + 1, na hiyo ndiyo baki unayopaswa kuikuta chini ya mgawanyo wako.